Shilingi 500 Ambazo Hazilingani

Kila Desemba, vikundi vya hisa vinapovunja mzunguko wake, husikika pongezi za aina moja. Ofisa wa maendeleo ya jamii husimama chini ya mwembe, hutazama sanduku lenye kufuli tatu, kisha hutangaza kwamba wanakikundi wamepata faida ya asilimia 25, jambo ambalo benki yoyote ingelionea wivu. Watu hupiga vigelegele. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, katika kijiji kimoja mkoani Ruvuma alikozaliwa mama yangu. Nakiri kwamba nilipiga makofi kabla sijafungua kijitabu cha shangazi yangu.

Hoja yangu ni kwamba mgao unaosifiwa kuwa wa haki kwa sababu kila muhuri unapata kiasi kilekile unaweza kuwa dhuluma iliyo wazi, na anayedhulumiwa kwa kawaida ni mwanakikundi mwenye kipato kidogo. Zaidi ya hayo, neno "kodi" limegeuzwa kuwa kichaka cha kukata fedha ambazo dola haijazidai.

Nianze na utaratibu wenyewe, kwani wengi tunaovisifu vikundi hivi hatujawahi kuketi katika mkutano wake mmoja. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na nguvu yake ilikuwa wepesi wa hesabu. Kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa bei isiyobadilika mwaka mzima, na kila hisa hugongwa muhuri mmoja katika kijitabu chake. Fedha hizo hukopeshwa wanachama wenyewe, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba ya mkopaji, na riba hurudi sandukuni. Mwisho wa mzunguko mikopo yote hurejeshwa, mfuko wa jamii huwekwa kando kwa kuwa si sehemu ya hisa, kisha fedha zilizobaki hugawanywa kwa idadi ya mihuri yote. Asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake na kujua haki yake. Ni ubunifu mkubwa, na sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na kile tunachokiruhusu ndani yake. Kikundi cha shangazi kina wanachama 20, hisa ni shilingi 2,000, na mzunguko ni wiki 48. Mwisho wa mwaka ilihesabiwa mihuri 2,400, yaani akiba ya shilingi 4,800,000. Riba na faini zilikuwa shilingi 1,200,000. Jumla ilikuwa milioni sita, na kila hisa ikawa na thamani ya shilingi 2,500. Ndizo hizo asilimia 25 za vigelegele.

Shangazi alinunua hisa moja kila wiki, bila kukosa hata wiki moja, akafikisha mihuri 48. Akiba yake ilikuwa shilingi 96,000, akapokea 120,000. Faida yake ni 24,000. Katika kikundi hichohicho yumo mtumishi mmoja, mwenye mshahara, aliyeingia wiki ya 29 kwa hisani ya mwenyekiti. Akanunua hisa tano kila wiki kwa wiki 20 zilizosalia, mihuri 100, akiba ya shilingi 200,000. Alipokea 250,000. Faida yake ni 50,000.

Atakayesema kwamba mwenye hisa nyingi hupata zaidi amesema kweli nusu. Faida haizalishwi na hisa peke yake, bali na hisa pamoja na muda zilizokaa sandukuni zikikopeshwa. Hisa ya kwanza ya shangazi ilifanya kazi wiki 48, ya pili wiki 47, na hivyo hivyo hadi ya mwisho iliyofanya kazi wiki moja. Ukijumlisha, hisa zake zilifanya kazi ya "wiki za hisa" 1,176. Za mtumishi, kwa hesabu ileile, zilifanya kazi 1,050. Fedha za mtumishi zilifanya kazi kidogo kuliko za shangazi, lakini zikavuna zaidi ya mara mbili yake. Kama faida ingefuata muda, mtumishi angepata takriban shilingi 22,000. Zile 28,000 za ziada hazikushuka kutoka mbinguni, zilitoka katika mihuri ya wenzake 19.

Wanaonijibu husema kwamba kuhesabu wiki za hisa kutaua ule wepesi niliousifu, na katibu mwenye kalamu ndiye pekee atakayeelewa mgao. Wana haki, na nisingependa kuona kikundi kikigawa fedha kwa kikokotoo ambacho wengi hawawezi kukihakiki. Lakini hakuna haja ya kufika huko. Wanaonunua kwa mwendo uleule tangu wiki ya kwanza hawadhulumiani, awe wa hisa moja au wa hisa tano, kwa maana wastani wa muda wa kila hisa yao ni mmoja. Tatizo linazaliwa pale tu mtu anapoingia katikati, au anaponunua kidogo mwanzoni na kujaza kijitabu miezi ya mwisho, akijua kwamba sanduku limekwisha kunona.

Kwa anayeingia katikati dawa ni hesabu ya dakika kumi. Mwisho wa wiki ya 28 kikundi kilikuwa na mihuri 1,340, na riba iliyokwisha kukusanywa ilikuwa shilingi 402,000. Gawanya, utaona kwamba kila hisa ilikwisha kubeba faida ya shilingi 300. Mtumishi aliuziwa kwa 2,000 kitu chenye thamani ya 2,300. Angetakiwa kulipa 300 kwa kila hisa kama kiingilio kisichogongewa muhuri, au asubiri Januari kama wenzake. Kwa mihuri 100 kiingilio hicho kingekuwa shilingi 30,000, naye angebaki na faida ya shilingi 21,000 na ushei, karibu kabisa na haki yake. Kwa wale wanaojaza vijitabu mwishoni, kikundi kiweke katika katiba yake kwamba idadi ya hisa alizozoea mwanachama katika nusu ya kwanza haiwezi kuzidishwa mara dufu katika nusu ya pili. Anayetafuta dalili asisumbuke na daftari la katibu. Afungue vijitabu vyote mezani: kijitabu chenye kurasa za mwanzo tupu na za mwisho zilizojaa mihuri kinajieleza chenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo asilimia 25 inalificha. Riba hiyo ililipwa na nani? Si na serikali wala mfadhili. Ililipwa na wanakikundi wenyewe. Mwezi Juni shangazi alikopa shilingi 140,000 kuwalipa vibarua wa kuvuna mahindi, kwa miezi mitatu, riba asilimia tano ya mkopo kila mwezi. Alilipa riba ya shilingi 21,000. Ondoa hiyo katika faida yake ya 24,000, inabaki shilingi 3,000 kwa mwaka mzima wa kwenda mkutanoni. Mtumishi hakukopa hata senti. Sisemi kwamba mkopaji alinyonywa, kwa kuwa mkopo ulimwokoa kutoka kwa mlanguzi ambaye angeyanunua mahindi yake yakiwa bado shambani. Ninachosema ni kwamba mtu anapotangaza "faida" bila kutaja aliyeilipa, anatangaza uhamisho wa fedha kutoka kwa wanaohitaji mkopo kwenda kwa wasiouhitaji, kisha anauita maendeleo.

Sasa kodi. Kikundi kina akaunti benki, na mwaka huo benki ililipa riba ya shilingi 30,000. Kwa sheria ya kodi ya mapato, benki hukata asilimia 10 ya riba kabla haijaingia kwenye akaunti. Taarifa ya benki ilionyesha mistari miwili: riba 30,000, kodi iliyozuiwa 3,000. Kikundi kilipokea 27,000, na hizo tayari zilikuwa ndani ya ile 1,200,000. Kwa maneno mengine, kodi hiyo ilikwisha kulipwa, na kwa kuwa ilikatwa kabla ya mgao, kila hisa iliibeba sawasawa: shilingi moja na senti 25 kwa hisa. Shangazi alibeba shilingi 60. Mwenye mihuri 240 alibeba shilingi 300.

Hata hivyo, siku ya mgao katibu alimkata kila mwanachama shilingi 2,000 "za kodi", jumla 40,000. Alipoulizwa alisema ni kodi ya riba. Huko ni kukosea mara mbili. Kwanza, ni kulipa tena kilicholipwa. Pili, hata kama kungekuwa na deni halali, kulikata kwa kichwa ni kumrudishia mnyonge kodi ya kichwa tuliyodhani tumeizika: zile 2,000 ni sehemu ya kumi na mbili ya faida ya shangazi, lakini ni sehemu ya sitini tu ya faida ya mwenye mihuri 240. Kodi ya faida hufuata faida, na faida hufuata hisa.

Tena kuna kipimo ambacho hakihitaji mwanasheria. Malipo kwa Mamlaka ya Mapato hufanywa kwa namba ya malipo, ile inayoitwa kontrol namba, nayo huacha stakabadhi yenye jina la mlipaji. Shangazi, mwanamke wa miaka 67 aliyeishia darasa la nne, alinyosha mkono akasema, "Mwanangu katibu, nipe namba ya malipo nami nitaamini." Katibu alicheka, kisha akanyamaza. Katika mkutano wa pili wa Januari fedha zilirudishwa, pamoja na maelezo marefu kuhusu kutoelewana.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Nimeona jinsi usajili unavyofanywa: ofisa hupokea katiba, huhesabu sahihi, hugonga muhuri. Angeweza, kwa kazi hiyohiyo, kuuliza maswali mawili: anayeingia katikati ya mzunguko analipa nini, na kodi ya riba ya benki inaandikwa wapi katika daftari? Hatujamtaka aulize, kwa sababu sisi wenye shahada tumeridhika na asilimia 25.

Katika mzunguko huu shangazi amependekeza kifungu cha kiingilio. Mwenyekiti amesema kitajadiliwa. Mtumishi, nimeambiwa, bado hajanunua hisa hata moja tangu Januari.