Ofisi ya safari Kwa Vonza: deni litamwangukia nani?

Bibi mmoja, msomaji wetu anayeishi Kwa Vonza, Kitui, ametuletea swali. Yeye na shoga yake wataka kufungua ofisi ya safari karibu na Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, wawakatie wanafunzi na walimu tiketi na kuwaandalia matembezi ya pwani. Yeye anazo shilingi 200,000. Mwenzake ana 100,000, na ndiye atakayekaa dukani. Je, wasajili jina la mmoja wao, waingie ubia, au waunde kampuni?

Wengi hudhani kwamba cheti cha jina la biashara huzaa kitu kipya mbele ya sheria. Sivyo. Jina ni jina tu. Nyuma yake yumo mtu yule yule pamoja na nyumba yake, shamba lake na akiba yake. Kampuni ndiyo inayohesabiwa kuwa mtu mbali, inayodai na kudaiwa kwa jina lake.

Tofauti hiyo haiwi nzito sana kwa muuza vitenge. Kwa ofisi ya safari ni nzito, kwa kuwa huzishika fedha za watu kabla ya kuwapa walichonunua. Natuseme wateja 40 wamelipa shilingi 6,500 kila mmoja kwa matembezi ya Mombasa, jumla 260,000. Fedha zote wamepewa mwenye basi na mwenye nyumba ya wageni. Siku ya safari basi halikuja, na mwenye basi hapokei simu. Wateja hawamjui huyo, wanaijua ofisi.

Ikiwa biashara imesajiliwa kwa jina la bibi peke yake, deni ni lake lote, na likishinda fedha za ofisi litalipwa kwa mali yake ya nyumbani. Mwenzake yu salama, lakini usalama huo una bei: cheti hakimtambui, na pasipo maandishi itamwia vigumu kuthibitisha kama zile 100,000 zake zilikuwa mtaji, mkopo au hiba.

Wakiwa wabia, wote wawili hudaiwa, na mdai humwendea zaidi yule mwenye kitu. Ajabu ni kwamba mbia mmoja aweza kuifunga ofisi kwa ahadi aliyoitoa mwenziwe akiwa dukani peke yake. Tena, pasipo mapatano mengine, sheria huwahesabu kuwa sawa katika faida na hasara, ingawa mitaji yao si sawa. Kifiqhi hasara hufuata mtaji: theluthi mbili kwa bibi, theluthi moja kwa shoga yake. Akitaka iwe hivyo, na aiandike katika mkataba wa ubia kabla ya kupokea mteja wa kwanza.

Katika kampuni, wateja huidai kampuni. Ikishindwa kulipa, wenye hisa hupoteza walichoweka, na mambo huishia hapo, ila waliposaini dhamana binafsi kwa ajili ya mkopo, au walipopokea fedha hali wakijua safari haipo. Hakuna pazia linaloficha udanganyifu.

Mimi ningewashauri kampuni. Wangekuwa wauza tiketi tu kwa kamisheni, bila kukaa na amana za watu, ubia wenye mkataba ungewatosha, nao una wepesi wake: ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato, kila mbia hulipia fungu lake. Kampuni ina taarifa zake za kila mwaka, na usajili wake una gharama kubwa kuliko wa jina.

Wakigawa hisa za shilingi 1,000, bibi atakuwa na 200 na mwenzake 100. Hapo pana jambo la kuangalia. Wingi wa kawaida wa kura humtosha bibi kumwondoa mwenzake katika ukurugenzi. Lakini kuibadili katiba ya kampuni kwahitaji asilimia 75, naye hana. Kwa hiyo ulinzi wa mwenye hisa chache uandikwe humo mapema.

Na mauti? Kifiqhi ushirika huvunjika mbia afapo. Hisa za kampuni, kinyume chake, hurithiwa na ofisi ikaendelea. Mwenye hisa 100 akifa bila deni wala wasia, akaacha mume, mwana wa kiume na wa kike tu, mume hupata 25, mwana 50 na binti 25. Kiti cha ukurugenzi hakimo katika mirathi hiyo.

Usajili hufanywa kwa njia ya eCitizen. Waumalize kwanza, kisha ndipo waende kuomba leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kibali cha Kaunti ya Kitui na akaunti ya benki, kwani vyote hutolewa kwa jina la mwenye biashara. Benki itawadai hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Waisome majina na hesabu za hisa kabla ya kuipeleka.