Mvule nao huoza
Mwandishi, nakubali kwamba kwenye mvua mvule huushinda msonobari, lakini ugumu peke yake hautoshi. Benchi langu la mvule lilioza mguu mmoja ndani ya miaka mitatu, ile mingine ikabaki mizima. Nilipouchonga nikakuta umetoka kwenye ule weupe ulio karibu na gome, si kwenye kiini cha kahawia chenye kemikali za asili zinazozuia kuvu. Kwa hiyo wenzangu, kagueni rangi kabla ya kulipa. Na ukitaka msonobari, ule uliotiwa dawa kiwandani unafaa, ila ukikata miguu, paka dawa tena pale ulipokata, kisha uisimamishe juu ya tofali. Maji hupandia kwenye ncha.