Kabla ya Kuchukua Fomu ya Shule, Kaeni Wawili na Daftari

Ndugu wazazi, hasa ninyi mnaojiandaa kumwandikisha mtoto darasa la kwanza Januari ijayo, nina ombi moja kwenu. Msianze na jina la shule. Anzeni na kiasi mtakachoweza kulipa mwaka ule ambao watoto wenu wote watakuwa shuleni kwa pamoja. Mkubaliane kiasi hicho wote wawili, ndipo mtafute shule inayoingia humo.

Naomba hivyo kwa sababu katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume. Mmoja anakuja na fomu ya shule ya mchepuo wa Kiingereza aliyoisikia kwa shemeji au kazini. Mwenzake anasema shule ya serikali ipo hapo mtaani, mtoto anatembea dakika kumi, ada hakuna. Kuanzia hapo mnabishana ipi nzuri, na ubishi wa namna hiyo hauna mshindi, kwa kuwa kila mmoja anatetea jambo ambalo hajalitaja.

Chukua mke na mume wa Mbagala, Dar es Salaam. Mume ana duka la vipuri vya pikipiki, mke ni mwajiriwa. Wakiunganisha kipato wanapata kama shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Wana watoto watatu, wa miaka sita, minne na mmoja. Mke anataka shule ya Kiingereza. Yeye alisoma msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na mwaka mzima hakunyoosha mkono darasani. Mume anataka shule ya serikali. Yeye alisomeshwa shule ya kulipia, baba yake akashindwa katikati, naye akawa anarudishwa nyumbani kila awamu ya ada inapofika, wenzake wakimtazama akitoka getini.

Mke haombi ufahari, wala mume si mbahili. Kila mmoja anamkinga mtoto na aibu iliyompata mwenyewe. Maneno hayo yakishasemwa waziwazi usiku mmoja, sauti hushuka, maana ni vigumu kumkasirikia mtu anayeogopa kwa ajili ya mwanao. Kwa hiyo kabla ya hesabu, ulizaneni: wewe shuleni uliumia wapi?

Sasa hesabu. Shule anayoitaka mke inatoza ada ya 1,600,000 kwa mwaka. Basi la shule ni 60,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya masomo inakuwa 600,000. Sare, vitabu, rimu za karatasi na mitihani ya majaribio vinafika 250,000. Jumla ni 2,450,000, sawa na shilingi laki mbili na kidogo kwa mwezi. Mke anasema inabebeka, na kwa mwaka huo wa kwanza ni kweli, inabebeka.

Wengi wetu huishia hapo. Lakini mwaka wa tatu mtoto wa pili anaingia darasa la kwanza, na gharama inakuwa 4,900,000. Mwaka wa sita anaingia wa tatu. Watoto watatu kwa pamoja ni 7,350,000, yaani zaidi ya laki sita kila mwezi katika kipato cha milioni moja na laki nne, hata kama ada haijapanda shilingi moja. Bado kodi ya nyumba, chakula, matibabu na mama mzazi kijijini anayetumiwa pesa. Kwa elimu ya msingi ya miaka sita, kama ilivyopangwa katika toleo la 2023 la Sera ya Elimu, watoto hao watatu watatumia milioni 44 na laki moja kabla yeyote hajavaa sare ya sekondari.

Familia hii isipoiona namba ya mwaka wa sita, najua itakakoishia, kwani nimeona nyumba nyingi zikipita njia hiyo. Kwanza inakopwa ada kwenye kikoba. Halafu mmoja anachukua kimyakimya mkopo wa kausha damu ili mwenzake asijue kwamba awamu ya Julai imeshindikana. Mwisho mtoto mkubwa anahamishwa akiwa darasa la nne au la tano na kupelekwa shule ya serikali katikati ya mwaka. Huko anakuta sayansi na hisabati vinafundishwa kwa Kiswahili ambacho hakuwahi kusomea. Alikuwa anafanya vizuri, sasa anashika mkia. Mtoto huyo amekosa pande zote mbili: Kiingereza kimekatikia njiani, na Kiswahili cha darasani hakukijenga. Mara nyingi mdogo wake wa mwisho haionji kabisa shule aliyoanzia mkubwa wake, na hilo huwa kovu lingine ndani ya nyumba.

Ningependa wazazi waogope zaidi kuhamahama kuliko shule yoyote ya serikali au ya binafsi. Mtoto aliyetulia miaka yote katika shule ya wastani ana nafasi kubwa kuliko aliyepita shule nzuri kwa miaka mitatu kisha akang'olewa.

Mke na mume wetu wanakaa na daftari, wanaondoa mahitaji yasiyokwepeka, na wanaona wanaweza kutenga 350,000 kwa mwezi bila kukopa. Hiyo ni 4,200,000 kwa mwaka, au 1,400,000 kwa kila mtoto, kila kitu ndani. Hilo ndilo dari lao. Shule ya 2,450,000 imeanguka yenyewe, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ndani ya dari hilo njia zimebaki zaidi ya moja. Wanaweza kutafuta shule ya binafsi ya karibu ambayo mtoto anaifikia kwa miguu, maana basi peke yake lilikuwa linakula laki sita. Wanaweza kuulizia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, za aina ya Olympio na Diamond pale Upanga, ambazo ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya shule nyingi za binafsi, ingawa nafasi hugombaniwa na kwa mtu wa Mbagala umbali ni kikwazo. Au wanaweza kupeleka watoto shule ya mtaani na kuielekeza fedha kwenye pengo lenyewe.

Walichagua njia ya mwisho. Shule za kawaida za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi, kwa hiyo msidhani ni bure kabisa. Wao walikadiria laki nne kwa mtoto kwa mwaka, ikiwamo mwalimu wa Kiingereza anayekuja jioni mara mbili kwa wiki na vitabu vya hadithi vya kusoma nyumbani. Kwa mtoto wa kwanza linabaki salio la milioni moja kila mwaka, linalowekwa kwenye akaunti ambayo wote wawili wanatia saini. Fedha hiyo ina kazi mbili tu: kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza, ile ya miezi michache baada ya kumaliza msingi, na sekondari yenyewe, ambako woga wa mke ulikuwa na msingi hasa.

Mke aliweka sharti, nami nalipenda kwa sababu linapimika. Mwisho wa darasa la pili mtoto apewe ukurasa wa hadithi ya Kiswahili asioujua, ausome mbele yao wote wawili, kisha aeleze alichosoma. Akishindwa, wanabadilisha shule hapohapo, kwani kuhama akiingia darasa la tatu si kugumu kama kuhama darasa la tano. Mume alikubali. Ndiyo maana wanalala kwa amani: aliyekubali kwenda njia ya mwenzake hakuachwa mikono mitupu.

Familia nyingine yenye kipato kingine itaamua vingine, na itakuwa sawa. Ila mkifika hatua ya kuchagua shule, nendeni pamoja, siku ya kawaida ya masomo, si siku ya maonyesho. Ombeni kuona madaftari ya darasa la tatu. Mkikuta kurasa nyingi zenye tiki bila sahihisho hata moja, au kila daftari lina sentensi zilezile, watoto wananakili ubaoni. Mwonyesheni mtoto mmoja picha na kumwomba aisimulie kwa Kiingereza. Bango la getini linaweza kuandika Kiingereza kwa herufi kubwa, huku mtoto wa darasa la tatu hawezi kusema picha ina nini. Kwa shule ya serikali, ulizeni darasa la kwanza lina watoto wangapi na walimu wangapi, na kama wanasoma kwa zamu. Hayo ndiyo yatakayowaambia kama mwalimu wa jioni anahitajika mara mbili au mara nne kwa wiki.

Kuhusu matokeo, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yanasomeka. Mkiyasoma, tazameni idadi ya waliofanya mtihani. Shule ambayo watahiniwa wake 18 wote wamefaulu vizuri, ulizeni walikuwa wangapi walipokuwa darasa la nne. Kama walikuwa 40, wale 22 walikwenda wapi? Shule inayoondoa wanaosuasua hupata matokeo mazuri, na mwanenu anaweza kuwa mmoja wa watakaoondolewa.

Ombeni pia orodha ya gharama zote kwa maandishi, pamoja na tarehe za awamu na ada ya miaka mitatu iliyopita. Shule inayosita kuwapa orodha hiyo, iacheni.

Wazee na ndugu wa pande zote mbili, nanyi nawaomba. Mnapowauliza wanandoa vijana kwa nini mjukuu hasomi shule ya mabasi ya njano, mnawasukuma kulipa kitu cha kuonwa na watu. Kama mna uwezo wa kuchangia, semeni mtachangia kiasi gani na kwa miaka mingapi, mbele ya mke na mume wote wawili. Ahadi aliyopewa mmoja pembeni huanzisha ugomvi mwezi wa pili.

Nanyi mliokwisha kuingia kwenye ada msiyoiweza, na mmoja wenu anaficha deni, amwambie mwenzake wiki hii. Kisha nendeni wote wawili kwa mkuu wa shule kabla awamu haijapita. Ombeni mpango wa kulipa kidogokidogo, au uhamisho wa mwisho wa mwaka, ili mtoto amalize darasa alilolianza. Ombi linaloletwa mapema na wazazi wote wawili husikilizwa kuliko simu ya kuomba radhi mtoto akiwa amesimama getini.

Desemba fomu zitakuwa zinauzwa kila kona. Kabla hamjanunua hata moja, chukueni daftari, andikeni majina ya watoto wote, na mbele ya kila jina andikeni mwaka atakaoanza na mwaka atakaomaliza. Tafuteni mwaka ambao wamerundikana wengi, mkubaliane namba ya mwaka huo, na mtie saini wote wawili.