Kusitisha Si Kukomesha

Nalipinga neno "tunasitisha" katika barua pepe za kuvunja mikataba. Kusitisha kumetokana na kusita, na aliyesita huenda akaendelea. Nilimwandikia hivyo mchapaji wa diwani zangu. Naye, akingoja, akanunua karatasi za toleo lijalo. Kosa lilikuwa langu. Wasemao kwamba neno bayana ni utovu wa adabu wanakosea, kwani fumbo hilo lilimtia mwenzangu hasara. Ningeandika: "Mkataba wetu utakoma tarehe 30 Juni, siku 30 tangu leo, kama kifungu cha notisi kinavyotaka. Nakala 200 tulizokwisha kuagiza tutazipokea na kuzilipia. Msinunue karatasi zaidi. Tunawashukuru kwa kazi yenu." Hapo pana tusi gani?