Mstari mmoja wa benki haumfanyi mtoto wetu kuwa mwongo

Huku Kasongo, na hata Kabambare, wengi tunajua pesa kwa njia ya telefone. Unatuma, unabonyeza kode ya siri, na mara moja mesaji inaingia: kiasi, saa, na kinachobaki. Tendo moja, mesaji moja. Kwa mazoea hayo ndiyo tunasoma pia releve ya benki ambayo ndugu wa Ulaya anatutumia kwenye WhatsApp, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Nimeona jamaa ikimhukumu kijana anayeishi London. Alisema Jumatatu alipanda basi mara tano kwa kazi mbili za usafi, ndiyo maana hakutuma mchango wa matanga. Releve ilionyesha mstari mmoja tu, TFL TRAVEL CH, pauni 5.25, tena wa tarehe ya nyuma yake. Mjomba wake akasema: «Mtoto huyu anatudanganya.» Kwa maoni yangu, mjomba alikosea, na hesabu yenyewe inaonyesha.

Kwenye basi la London, abiria anagusisha karte ya benki kwenye mashine mara moja, wakati wa kupanda. Mashine haikati pesa palepale. Inaandika mguso, kisha shirika la usafiri, TfL, linakusanya miguso yote ya siku na kutoza benki mara moja. Siku yao inaanza saa kumi na nusu alfajiri na kuisha saa hiyohiyo kesho yake.

Nauli ya basi iliyowekwa Machi 2023 ni pauni 1.75, na mabasi mengine unayopanda ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza ni ya bure. Kijana alipanda saa kumi na mbili asubuhi: 1.75. Dakika 40 baadaye, basi la pili: bure. Saa tisa mchana, 1.75 tena, na la nne baada ya nusu saa: bure. Saa saba usiku alirudi nyumbani: 1.75. Kwa kalenda yetu hiyo ni Jumanne, kwa TfL bado ni Jumatatu. Jumla 5.25, ambayo ndiyo pia kikomo cha mabasi kwa siku. Angepanda la sita kabla ya alfajiri, asingelipa zaidi.

Mistari ingekuwa miwili kama asubuhi angegusisha karte na jioni telefone. Hata kama vyote vinatoka kwenye konti moja, mashine inavihesabu kama abiria wawili, na kikomo kinavunjika. Anayetaka kuhakikisha aandikishe karte yake kwenye ukurasa wa TfL. Humo ataona kila safari na saa yake. Hiyo ndiyo picha ya kuomba, si releve peke yake.

Shtaka la pili lilikuwa hili: karte ilikataliwa dukani kwa mkate wa pauni 3, basi konti ni tupu. Hapana. Tangu tarehe 15 Oktoba 2021, Uingereza iliruhusu hadi pauni 100 kwa mguso mmoja bila kode. Lakini kanuni ya wakati huo iliweka pia hesabu ya kulimbikiza: benki inachagua kuomba kode baada ya jumla ya pauni 300, au baada ya miguso mitano mfululizo. Ubelgiji na Ufaransa, kanuni ya Ulaya inasema euro 50 kwa mguso, na euro 150 au miguso mitano. Hesabu hii haifutwi usiku wa manane. Inafutwa ukibonyeza kode. Basi mguso wa sita unaweza kukataliwa hata ukiwa na maelfu. Ukiingiza karte na kubonyeza kode, mkate unaondoka nao. Nauli za usafiri zimesamehewa kanuni hiyo, kwa hiyo karte iliyokataliwa dukani inaweza kukubaliwa kwenye basi.

Kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mwizi, asimalize konti kwa karte aliyookota. Hakisemi mwenye karte ana pesa kiasi gani. Linalopaswa kutuogopesha kwenye releve ni miguso midogo ya maduka, inayofuatana, ambayo mwenye karte hakumbuki. Hapo afunge karte na apige benki siku hiyohiyo.

Wazazi wetu wanasema mgeni wa njia huuliza. Kabla ya kumwita mtoto mwizi mbele ya jamaa nzima, tumuulize kwanza: miguso mingapi iko ndani ya mstari huu?