Nyanya ina vilele vitatu

Chukua nyanya iliyoiva sokoni Chanzuru, hapa Kilosa, na kiazi lishe chenye nyama ya rangi ya chungwa. Kila kimoja kiponde, toa rangi yake kwa asetoni, kisha ihamishie kwenye heksani. Wekundu wa nyanya ni likopini. Rangi ya kiazi ni beta-karotini. Zote mbili ni C₄₀H₅₆, na kila moja ina mlolongo wa vifungo maradufu 11 vinavyopishana na vifungo vya kawaida. Hata hivyo spektrofotomita huzichora tofauti kabisa. Likopini hutoa vilele vitatu vilivyochongoka, kwenye nanomita 444, 470 na 502. Beta-karotini hutoa kilele kipana kwenye 450, chenye bega tu upande wa 425, na kingine kifupi kwenye 477.

Toleo hili linapinga mazoea ya kuandika namba ya kilele kirefu peke yake na kuutupa mchoro uliobaki. Kwenye umbo la mchoro ndiko molekuli inakoeleza kilichoipata.

Mwanga unapomezwa, elektroni hujipanga upya kwa muda mfupi mno. Kiini cha kaboni ni kizito kuliko elektroni mara 22,000 hivi, na mtetemo mmoja wa kifungo maradufu huchukua kama femtosekunde 22. Kwa hiyo viini havipati nafasi ya kusogea. James Franck alilitambua hilo mwaka 1925, na mwaka 1926 Edward Condon akaliweka katika hesabu. Ukichora nishati dhidi ya urefu wa kifungo, kuruka huko ni mstari wa wima.

Sasa, katika hali mpya vifungo maradufu hupenda kurefuka kidogo na vile vya kawaida kufupika. Viini vilivyobaki mahali pa zamani vinajikuta kwenye mteremko wa bonde jipya, si kwenye kina chake, na lazima vianze kutetemeka. Mtetemo haupokei nishati yoyote tu. Huipokea kwa vipande kamili: sifuri, kimoja, viwili. Ndiyo maana vilele hufuatana. Kile cha 502 ni cha molekuli zilizoruka bila mtetemo, cha 470 ni cha kipande kimoja, cha 444 ni cha viwili. Kutoka 502 hadi 470 ni tofauti ya mawimbi kama 1,360 katika kila sentimita, na kutoka 470 hadi 444 ni kama 1,250. Hakuna mtetemo mmoja wenye thamani hiyo. Vifungo maradufu hutetemeka karibu na 1,520 na vya kawaida karibu na 1,160. Katika kimiminika alama zao huungana, nasi tunaona wastani.

Urefu wa vilele hutegemea umbali ambao bonde jipya limehama. Lingekuwa halijahama, kilele cha 502 kingesimama karibu peke yake. Lingehama sana, nguvu ingekwenda kwenye vipande vingi na kilele cha kwanza kingefifia. Ukipima uhamaji huo kwa wastani wa vipande vya mtetemo vinavyoamshwa, likopini ina kitu kama 1.2. Hesabu inatoa asilimia 30 kwa sifuri, 36 kwa kimoja na 22 kwa viwili. Kilele cha kati kinashinda, kama mashine inavyoonyesha.

Kwa nini basi kiazi lishe hakichongoki? Vifungo maradufu viwili vya beta-karotini vimo ndani ya pete zilizo kwenye ncha zake, na pete hizo zimepinda nje ya bapa la mnyororo kwa kusukumana na vikundi vya methili. Kupinda huko hulegeza muungano, ndipo kilele cha mwisho kinapokuwa 477 badala ya 502. Isitoshe, pembe ya pete hutofautiana kati ya molekuli na molekuli, hivyo kila moja humeza mwanga mahali pake na mabonde kati ya vilele hufukiwa.

Kipimo cha kuchongoka huko ni rahisi. Pima kimo cha kilele cha wimbi refu na cha kati, vyote kuanzia bonde lililo kati yao, kisha gawanya cha kwanza kwa cha pili. Likopini safi hutoa kama asilimia 65, beta-karotini kama 25. Likopini yako ikitoa 45, usikimbilie kulaumu nyanya. Kwanza punguza upana wa mwanya wa mashine na upime tena. Uwiano ukibaki palepale, tazama karibu na nanomita 360. Kilele kipya kikiwa kimejitokeza hapo, joto au jua limepindisha sehemu ya molekuli kutoka umbo nyoofu la transi kwenda sisi. Hapo ndipo pa kuuliza nyanya ilihifadhiwa vipi, na dondoo lilikaa mwangani kwa muda gani.