Mteja Wako Yuko Muhimbili, Hayuko Mbeya

Wiki iliyopita nilikaa karibu saa nzima kwenye duka la urembo la dada mmoja hapa Upanga, mitaa ya nyuma ya Diamond Jubilee, nikisubiri kucha zangu zikauke. Simu ya duka ilikuwa imelazwa juu ya kioo cha kaunta, katikati ya chupa za rangi, na haikupumzika hata dakika tano. Kila ikilia, mwenye duka anafuta mikono, anaisoma kwa sauti ili na sisi tusikie. “Bei?” “Mpo wapi?” “Mbeya mnatuma?” “Dada, kwa jumla mnatoaje?” Alikuwa amesponsa picha ya kope Instagram, akachagua Tanzania nzima, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye mambo yamemnyookea. Nikamuuliza: tangu tangazo lianze, ni nani amekuja kukaa kwenye kile kiti pale kwa sababu ya hilo tangazo? Akacheka. “Bado, mwaya. Ila watu wanaona.”

Watu wanaona. Sentensi hiyo ndiyo inayokula pesa za maduka madogo ya mji huu. Tumeaminishana kwamba tangazo zuri ni lile lililofika kwa wengi, na kwamba kuligandisha kwenye mitaa michache ni ushamba wa mtu asiyejua mtandao ni nini. Mimi nasema kwa duka la urembo lenye kiti, kioo na kodi ya pango, imani hiyo ni hasara tupu.

Siwalaumu sana wanaoiamini, maana skrini yenyewe inawasukuma huko. Ukiwa unatengeneza tangazo, pembeni kuna makadirio ya watu watakaofikiwa. Ukiweka Upanga peke yake, namba inanywea. Ukifungua Dar es Salaam, inavimba. Ukiachia nchi nzima, inavimba mpaka unajiona tajiri kwa pesa ile ile. Nani atachagua namba ndogo?

Lakini fikiria kinachofanyika nyuma ya hiyo namba. Meta, wenye Facebook na Instagram, huuza nafasi za matangazo kwa mnada unaokwenda usiku na mchana, na mtambo wao hutafuta watu wanaopatikana kwa bei nafuu ndani ya masharti uliyoweka. Ukisema sharti langu ni Tanzania, utapewa watu wa bei nafuu wa Tanzania, popote walipo, na mtambo haujui kwamba kope hazitumwi kwa basi. Ukisema lengo langu ni meseji, utapewa watu wenye mkono mwepesi wa kuandika meseji. Kuandika “Bei?” ni bure. Kwa hiyo yule dada hakudhulumiwa na mtu. Alipewa alichoomba, na alichoomba hakikuwa mteja.

Najua jibu litakalokuja: mbona mawinga wa Kariakoo wanasponsa nchi nzima na wanajenga nyumba? Ni kweli, na wako sahihi kabisa. Winga anauza mzigo. Mteja wake wa Songea analipa kwa simu, mzigo unapanda basi jioni, kesho anaupokea. Duka la Upanga haliwezi kushindana naye kwenye chupa ya losheni, maana losheni hiyo hiyo inauzwa kwa jumla mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kinachouzwa Upanga ni kitu kingine: kope zinazobandikwa kwenye macho ya mtu aliyekuja mwenyewe, kucha, wigi linaloshonwa na kupangwa kichwani, na zaidi ya yote muda wa mtu anayefanya kazi karibu na asiyetaka kuingia msongamano wa Msimbazi saa saba mchana. Mteja wa namna hiyo hatoki Mbeya. Hatoki hata Mbagala, maana hakuna atakayepanda daladala mbili kwenda kubandikwa kope zinazobandikwa mtaani kwake.

Sasa tufanye hesabu, tena ya duka la kubuni. Tuseme kope ni 25,000, na ukitoa vifaa na cha msaidizi unabaki na 12,000. Umetenga 10,000 kwa siku kwa siku saba, yaani 70,000, bila kodi inayoongezwa juu yake. Ili usipate hasara unahitaji wateja sita ambao wasingekuja bila tangazo. Sita tu kwa wiki nzima! Watu elfu sitini wa kuangalia hawana kazi kwako. Na wale sita wakiwa wa karibu, hesabu inakuwa tamu zaidi, maana kope za kubandika moja moja hutaka kujazwa tena baada ya wiki mbili au tatu. Muuguzi wa Muhimbili atarudi kwa miguu. Mtu aliyekuja mara moja kutoka Mbezi kwa sababu ya picha, mara ya pili atatafuta pa karibu.

Jinsi ya kuwafuata hao sita si uchawi. Usibonyeze kile kitufe cha `Boost post` kwa haraka ukaacha kila kitu kama ulivyokikuta. Ingia `Ads Manager`, nenda kwenye eneo, na badala ya kuandika jina la jiji tumia `Drop Pin`: choma pini juu ya duka lenyewe, kisha vuta duara. Pini inakuruhusu kushuka mpaka kilomita moja. Kwa Upanga mimi ningeanza na mbili. Upande wa mashariki kipande cha duara kitaangukia baharini, nako hakukugharimu kitu, samaki hawana simu. Kilichobaki ndicho unachokitaka: Muhimbili na chuo chake, maghorofa ya Upanga Mashariki na Magharibi, na sehemu ya maofisi ya upande wa Posta.

Nasisitiza eneo kwa sababu moja ambayo watu wengi hawajaiona. Siku hizi ukitumia `Advantage+ audience`, vitu kama mapenzi ya mtu na vipodozi, mitindo au harusi vinachukuliwa kama ushauri tu. Mtambo ukiona vema unavipita. Eneo haupiti. Katika vile vitasa vyote ulivyozoea kuvizungusha, hicho ni kimojawapo cha vichache ambavyo bado vinafunga mlango kwelikweli, nacho ndicho tunachokiacha wazi.

Hata hivyo duara si ukuta, na anayekuuzia habari hiyo anakudanganya. Meta huhesabu mtu anayeishi ndani ya eneo pamoja na aliyepita hapo karibuni. Muhimbili ni hospitali ya taifa: kwenye mabenchi yake wamekaa ndugu waliosindikiza wagonjwa kutoka mikoa yote, simu mkononi. Mtu huyo kwa hesabu ya mtambo ni wa Upanga. Keshokutwa yuko nyumbani Songea, tangazo lako bado linamfuata. Kisha kuna Kariakoo, ambako duara la kilomita mbili litagusa tu. Unaweza kuchoma pini ya kuzuia pale, lakini mimi siipendi dawa hiyo, kwa sababu mama wa Upanga aliyekwenda Kariakoo asubuhi kununua vitenge huenda akazuiliwa naye, na huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Dawa yangu ni maneno ya tangazo lenyewe. Andika bei. Andika mahali. “Kope 25,000. Upanga, hatua chache kutoka Diamond Jubilee. Unamaliza ndani ya saa mbili. Hatutumi mikoani.” Mtu wa mbali akisoma hapo anapita zake, na mtambo unaanza kuona ni watu gani wanaosimama. Ile desturi yetu ya “bei njoo DM” ina mantiki pale posti ni ya bure na unataka mazungumzo. Unapolipia, unanunua kwa pesa yako mwenyewe swali ambalo ungelijibu kwa neno moja kwenye picha.

Jingine linalowaangusha wenye bajeti ndogo ni kuikatakata. Elfu kumi ya siku inagawanywa: hapa wanafunzi, pale maharusi, pale wafanyakazi wa benki, kila kundi elfu tatu na ushee. Mtambo hujifunza kwa matokeo, na Meta wenyewe wanataja kama matokeo 50 kwa wiki kwa kila kundi la tangazo ili utulie. Kwa elfu kumi huenda usiyafikie hata ukiwa na kundi moja, ukaona maandishi ya `Learning limited`. Usishtuke, duka dogo linaishi na maneno hayo. Ila usiyazidishe kwa kugawa, wala kwa kufungua tangazo kila usiku na kubadilisha picha, maana mabadiliko makubwa huurudisha mtambo mwanzo. Kundi moja, eneo moja, siku saba, mikono mfukoni. Unachopaswa kukitazama ni `Frequency`, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo lako. Eneo likiwa dogo, namba hiyo hupanda haraka. Ikifika nne au tano ndani ya wiki na mlango bado kimya, basi watu wameshakuona na wamekukataa. Badilisha picha au huduma, usiongeze pesa.

Na mteja anahesabiwa mlangoni. Skrini haiwezi kukuambia nani aliingia. Daftari la shilingi mia chache linaweza: tarehe, huduma, ametoka wapi, ametuonaje. Msaidizi aulize kila mteja mpya swali moja, “Umetupataje, dada?”, aandike hapo hapo kabla hajasahau. Mwisho wa wiki unagawa 70,000 kwa idadi ya waliosema Instagram. Wakiwa sita, umerudisha pesa yako. Wakiwa wawili, kila mteja amekugharimu 35,000 kwa faida ya 12,000, na hapo hakuna likes zitakazokuokoa.

Nilimwambia yule dada haya yote, kucha zangu zikiwa zimeshakauka zamani. Alinisikiliza nusu, maana simu ilikuwa inalia. Wewe unayesoma, usinisikilize mimi kabisa; isikilize ripoti yako. Fungua tangazo lako la mwisho kwenye `Ads Manager`, bonyeza `Breakdown`, chagua `Region`, kisha soma shilingi zako zilikwenda mikoa gani.